Sortino Ikilingana, Angalia Mpangilio wa Hasara

Mtu anapoomba ushauri wa kuchagua kati ya mikakati miwili ya uwekezaji, mara nyingi huja na namba moja kwa kila mkakati, na siku hizi namba hiyo huwa ni uwiano wa Sortino, unaolinganisha faida na hatari ya hasara. Mimi huomba kitu kingine kabla ya kujibu: matokeo ya kila mwezi, yakiwa yameandikwa kwa mfuatano uleule ambao yalitokea. Sababu ni kwamba Sortino haijui kabisa mwezi upi ulitangulia na upi ulifuata, ilhali mwenye fedha hupitia miezi hiyo kwa mfuatano, mmoja baada ya mwingine.

Uwiano ambao William Sharpe aliupendekeza mwaka 1966 hugawa faida ya ziada kwa mtikisiko wote wa matokeo, kwa hiyo mwezi wenye faida kubwa isiyo ya kawaida huhesabiwa kuwa hatari sawa na mwezi wa hasara. Sortino huondoa kasoro hiyo kwa kuhesabu tu matokeo yaliyoanguka chini ya kiwango ambacho mwekezaji amejiwekea kuwa lengo. Uwiano wa Calmar, alioutangaza Terry Young mwaka 1991, hauhesabu mtikisiko hata kidogo. Wenyewe huchukua faida ya mwaka na kuigawa kwa mporomoko mkubwa kabisa, yaani umbali mrefu zaidi ambao akaunti ilishuka kutoka kilele chake kabla ya kuweka kilele kipya, na kwa kawaida hukokotolewa kwa miezi 36.

Tofauti ya Sortino na Calmar huonekana vizuri zaidi katika mfano wa kutunga ambao mimi hupenda kuutumia. Mikakati A na B ina matokeo yaleyale kumi na mawili ya mwezi, kwa asilimia, isipokuwa mpangilio wake ni tofauti:

```python
import numpy as np

A = np.array([3,-3,4,2,-4,5,1,-3,4,2,-2,3]) / 100
B = np.array([3,4,2,5,-3,-4,-3,-2,1,4,2,3]) / 100

def sortino(r, lengo=0.0):
    chini = np.minimum(r - lengo, 0)
    return (r.mean() - lengo) / np.sqrt(np.mean(chini**2)) * np.sqrt(12)

def mporomoko(r):
    thamani = np.concatenate(([1.0], np.cumprod(1 + r)))
    kilele = np.maximum.accumulate(thamani)
    return (1 - thamani / kilele).max()
```

Tuanze na Sortino kwa mkono, lengo likiwa sifuri. Wastani wa mwezi ni asilimia 1 kamili. Miezi ya hasara ni minne, na miraba ya hasara hizo ni 9, 16, 9 na 4, ambayo jumla yake ni 38. Jumla hiyo hugawanywa kwa miezi yote 12, si kwa ile minne ya hasara, na kipeuo cha pili cha jibu ni 1.78. Asilimia 1 ikigawanywa kwa 1.78 na kisha kuzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12 ili iwe ya mwaka, tunapata 1.95.

Suala la kugawa kwa 12 au kwa 4 linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu nimeliona likiharibu ulinganisho mara nyingi kuliko jambo lingine lolote. Anayetumia lahajedwali huitenga miezi ya hasara kwanza, halafu huchukua wastani wa miraba yake peke yake bila kugundua kwamba kigawanyo kimebadilika. Kwa mfano wetu, kosa hilo hushusha Sortino kutoka 1.95 hadi 1.12. Ubaya wake si ukubwa wa tofauti peke yake. Mkakati unaopata hasara mara chache huadhibiwa zaidi ya ule unaopata hasara kila mara, kwa kuwa ile miezi mizuri ambayo ingepunguza wastani huo imetupwa nje. Namba mbili zilizotoka kwa watu wawili tofauti hazilinganishwi, basi, mpaka ijulikane kila mmoja aligawa kwa idadi gani ya miezi.

Lengo nalo lazima liwe moja. Ukilipandisha kutoka sifuri hadi nusu asilimia kwa mwezi, Sortino ya mikakati hii hushuka kutoka 1.95 hadi 0.84, ingawa hakuna tokeo hata moja lililobadilika. Anayetaka mkakati wake upendeze huweka lengo chini, na msomaji asiyeuliza hatajua.

Hata baada ya kusahihisha hayo yote, A na B hubaki na Sortino moja. Wastani hauna kumbukumbu ya mfuatano, na mtikisiko wa upande wa hasara hauna pia. Faida ya mwaka mzima ni ileile vilevile, asilimia 12.07, kwa sababu kuzidisha hakujali kipi kimetangulia. Mporomoko ndio unaozitenganisha. Katika A, kila mwezi wa hasara unafuatiwa na mwezi wa faida unaorudisha akaunti juu ya kilele chake, kwa hiyo mporomoko mkubwa kabisa ni asilimia 4 tu. Katika B, hasara nne zimefuatana kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, na akaunti inashuka kwa asilimia 11.48 kutoka kileleni. Inahitaji kupanda kwa takribani asilimia 13 ili irudi ilipokuwa, na miezi minne iliyobaki haitoshi: mwaka unaisha akaunti ikiwa bado chini ya kilele cha mwezi wa nne kwa asilimia 2.3. Calmar ya A ni 3.02, na ya B ni 1.05.

Katika msimbo hapo juu kuna 1.0 iliyowekwa mwanzoni mwa thamani za akaunti. Ukiiondoa, na mkakati ukaanza kwa hasara, mporomoko utapimwa kuanzia mwisho wa mwezi wa kwanza badala ya kuanzia mtaji wenyewe, na hasara hiyo ya kwanza itapotea kimyakimya. Pia, matokeo ya mwisho wa mwezi huficha yaliyotokea katikati yake. Akaunti iliyoshuka kwa asilimia 9 kufikia tarehe 15 na kufunga mwezi ikiwa na hasara ya asilimia 2 itaandikwa mbili. Ukiwa na thamani za kila siku za mkakati mmoja na za kila mwezi za mwingine, punguza zile za kila siku ziwe za mwezi kabla ya kulinganisha, la sivyo utamwadhibu yule aliyekuwa mkweli zaidi.

Hapa wengi husimama na kuchagua A. Mimi huona ni mapema mno, kwa sababu Calmar ina udhaifu ulio kinyume kabisa cha ule wa Sortino: inajali mfuatano kiasi kwamba namba yote inategemea tukio moja. Swali ni kama mfuatano ule unatokana na tabia ya mkakati au ni bahati tu.

Njia ninayoiamini ya kulijibu ni kuchanganya miezi kama karata, kupima mporomoko wa kila mpangilio mpya, na kuona ule halisi umeangukia wapi. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na kompyuta kwa mipangilio elfu kadhaa, lakini mfano wetu ni mdogo kiasi cha kuhesabika. Hasara nne zinaweza kukaa katika miezi 12 kwa njia 495. Njia ambazo hasara zote nne zinafuatana ni 9 tu, yaani chini kidogo ya asilimia 2. Njia ambazo hakuna hasara mbili zinazogusana ni 126, kama robo hivi.

Matokeo haya yanazungumza na mikakati yote miwili. Kwa B, mfuatano wa hasara nne ni nadra mno kuuita bahati bila kuchunguza, hivyo ningemuuliza aliyeubuni nini kilichokuwa kikitokea sokoni miezi ile. Mkakati unaofuata mwelekeo wa bei, kwa mfano, hupoteza mfululizo soko linapokwenda huku na huko bila mwelekeo. Kama hiyo ndiyo sababu, hasara zake zitakuja kwa mafungu tena, na hapo hata kule kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 12 kunakosa msingi, kwa kuwa hesabu hiyo huchukulia kwamba miezi haina uhusiano wowote kati yake. Sortino ya 1.95 kwa B isingestahili kuaminiwa kama ilivyo kwa A.

Kwa A, habari si nzuri kama Calmar inavyodai. Hasara mbili ndogo kabisa za mkakati huu, asilimia 3 na 2, zikigusana tu zinaleta mporomoko wa karibu asilimia 5. Maana yake ni kwamba mpangilio wowote wenye hasara mbili zinazogusana unapita asilimia 4, na mipangilio hiyo ni karibu robo tatu ya yote. Kama hakuna sababu inayotenganisha hasara za A, basi ule mporomoko wa asilimia 4 ni wa mwaka wenye bahati, na ningetarajia mkubwa zaidi mwaka unaofuata bila mkakati wenyewe kuwa umeharibika.

Athari yake hujitokeza unapoamua ukubwa wa dau. Tuseme mwekezaji anaweza kuvumilia mporomoko wa asilimia 20. Akiitazama A juu juu, atasema asilimia 4 inaingia mara tano katika 20, kwa hiyo anaweza kukopa na kufanya biashara kwa mara tano ya mtaji wake. Tukiacha gharama ya mkopo pembeni, katika mpangilio halisi wa A kweli angeshuka kwa asilimia 20 tu. Lakini miezi ileile ikija kwa mpangilio wa B, hasara zake zinakuwa asilimia 15, 20, 15 na 10 mfululizo, na akaunti inapoteza asilimia 48. Kurudi kileleni kutoka hapo kunahitaji faida ya asilimia 92.

Kwa hiyo dau mimi hulipima kwa mpangilio mbaya, hata ninapochagua mkakati wenye Calmar nzuri. Katika mfano huu ukomo huo ni mara 1.8 ya mtaji, ambapo hasara nne zikifuatana zinaleta mporomoko unaokaribia asilimia 20 bila kuupita. Ningechagua A iwapo aliyeubuni anaweza kueleza kinachozuia hasara zake zisifuatane, na ningeanza chini ya ukomo huo. Nisingepandisha dau kabla ya kuwa na miezi 36 ya matokeo halisi ya kuchanganya upya, kwa maana miezi 12 yenye hasara nne ni michache mno kutofautisha tabia na bahati.