Kitabu yangu ilipotea

"Mwalimu mwenzangu, watoto wangu hapa Bukavu wanaandika 'kitabu yangu ilipotea'. Nikisahihisha kila neno, karatasi yote inakuwa nyekundu. Nifanye je?"

Mwenzangu, usiguse vitenzi kwanza. Mtoto apigie mstari jina, kisha achore mshale hadi kila neno linalolitegemea. Katika "Kitabu yangu mupya ilipotea", mishale ni mitatu, na yote inadai ki-: kitabu changu kipya kilipotea. Makosa matatu, chanzo kimoja: ile "yangu" ya nyumbani, inayofaa karibu kila jina.

Halafu watakuandikia "kijana changu kilikuja" (wangu walifanya hivyo wiki nzima!). Jina la mtu au mnyama hufuata a-: kijana wangu alikuja. Ila "rafiki yangu alikuja" uiache, ni sahihi.