Barua kwa mwanangu mkandarasi: deni la halmashauri

"Shikamoo mama. Halmashauri wamekalia hati yangu ya malipo tangu Machi mwaka jana, wakanilipa kidogo wakanyamaza. Nimeandika barua ya kudai, rasimu hiyo hapo nakutumia. Nataka wajue sichezi, ila wasinichukie, maana bado nazitaka kazi zao. Niipeleke hivyo hivyo?"

Marahaba mwanangu.

Usiipeleke. Hasira yako ina haki, sina neno nayo, lakini barua hii haimpi mtu kazi ya kufanya. Nimekaa masjala na uhasibu serikalini mpaka nimestaafu, najua barua ya namna hii inavyosafiri. Itapigwa mhuri, itatiwa kwenye faili na kupewa namba ya folio, itapanda kwa Mkurugenzi. Yeye hatasoma kurasa zako tatu. Ataangalia kichwa na aya ya kwanza, ataandika pembeni "Mweka Hazina, shughulikia", atasaini. Mweka Hazina naye atamsukumia mhasibu mmoja kijana mwenye mafaili mezani mpaka kidevuni.

Huyo kijana ndiye unayemwandikia. Ili ulipwe, inabidi aandike dokezo sabili kwenda juu: nani anadai, kwa mkataba gani, hati ipi, kiasi gani, na ombi ni nini. Rasimu yako inaanza na mkopo wa benki, inakwenda kwa mafundi wanaokupigia simu usiku, inafika kwenye ada za watoto. Namba ya mkataba haimo kabisa. Kiasi umeandika "milioni arobaini na kitu". Kijana ataisoma, atakuonea huruma, ataiweka upande wa kulia wa meza ili aitafutie mkataba akipata nafasi. Nafasi haipati.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoniumiza zaidi. Nimepitia makaratasi uliyoniachia nyumbani. Hati ya Malipo Na. 2 iliyosainiwa na Mhandisi tarehe 14 Machi 2023 ina kazi ya shilingi 42,750,000. Humo humo wamekata asilimia 10, shilingi 4,275,000, ile dhamana ya kazi mnayoiita ritensheni. Uliyostahili kulipwa kwa hati hiyo ni shilingi 38,475,000. Tarehe 20 Juni 2023 wakakuingizia 12,000,000. Kilichobaki ni shilingi 26,475,000, wala si arobaini na kitu. Wewe umedai hati nzima bila kutoa ritensheni, na zile milioni kumi na mbili hukuzitaja. Mhasibu akilinganisha na mfumo wa malipo, tarakimu zitakataa, na barua itakurudia na jibu la mstari mmoja: "wasilisha mchanganuo sahihi". Hapo umewapa mwezi mwingine bure.

Ritensheni idai kwa barua yake, muda wa matazamio ya kasoro ukiisha kama mkataba unavyosema. Kodi ya zuio nayo usiikate wewe kwenye dai, wataikata wenyewe siku ya kulipa. Na zile 12,000,000 zitaje waziwazi. Najua unahofia zitafanya deni lionekane dogo, lakini zinakusaidia. Kwa sheria yetu ya ukomo, dai la mkataba lina miaka 6, na malipo ya sehemu, au maandishi ya mdaiwa yanayokiri deni, yanaanzisha hesabu ya miaka hiyo upya. Vilevile ni vigumu kwa ofisi kusema haikutambui wakati imeshakulipa sehemu ya hati hiyo hiyo.

Sasa ombi lenyewe. Umeandika "mnilipe haraka iwezekanavyo". Hilo halina jibu, mwanangu. Kila mtu ofisini ataitikia na hakuna atakayefanya kitu. Omba mambo mawili, la pili liwe la kukulinda kama la kwanza likishindikana. Kwanza, walipe kabla ya tarehe unayoitaja. Pili, kama fedha hazipo, wakuthibitishie kwa maandishi kwamba deni ni kiasi kadhaa, limeingizwa kwenye orodha ya madeni ya halmashauri, na litatengewa fedha kwenye bajeti ya mwaka gani.

Hilo la pili ndilo makandarasi wengi wa daraja la saba kama wewe hawaliombi. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Deni lako limeshavuka mara mbili, kwa hiyo ile fedha ya mradi ulioujenga haikusubiri tena mahali. Limebaki kuwa deni la nyuma, na deni la nyuma hulipwa likiwa limeorodheshwa, limehakikiwa na kuwekwa kwenye bajeti. Wahakiki wakija wanataka mkataba, hati, vipimo na barua za madai. Ambalo halimo kwenye orodha hawalioni, hata kama jengo limesimama na watoto wanasomea ndani. Tena huu ni Oktoba. Halmashauri zinakaribia kuanza kuandaa bajeti ya mwaka ujao. Ukichelewa mpaka Machi, utakuta mafungu yameshagawanywa.

Kuhusu ukali. Umetishia mahakama na TAKUKURU kwenye aya moja. TAKUKURU iache kabisa, labda kama kuna mtu amekuomba chochote. Na kama yupo, hilo ni la kwenda kuripoti, halichanganywi na barua ya madai. Mahakama nayo ina utaratibu wake. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye shauri, na hata ukishinda huwezi kukamata gari la Mkurugenzi. Wao wanalijua hilo kuliko wewe. Ukitaja mahakama leo, faili litahamia kwa mwanasheria wa halmashauri, na Mweka Hazina atapata sababu nzuri ya kutoligusa.

Ukali wako uweke kwenye mkataba. Masharti ya jumla ya mkataba wako yanasema hati ilipwe ndani ya siku 28, na ikichelewa kuna riba. Kifungu hicho kitaje kwa namba, kisha useme unahifadhi haki yako. Riba usiipigie hesabu wala kuijumlisha kwenye dai, maana watabishana nawe juu ya kiwango cha riba na ile 26,475,000 ambayo haina ubishi itangoja. Mwenye kujua haki yake ataisoma sentensi hiyo moja akaelewa.

Nimeiandika upya hivi. Penye nukta jaza mwenyewe kutoka kwenye mkataba, usijaze kwa kichwa.

Kumb. Na. …
7 Oktoba 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya …,
S.L.P. …

YAH: OMBI LA MALIPO YA SHILINGI 26,475,000 – SALIO LA HATI YA MALIPO NA. 2, MKATABA NA. … WA UJENZI WA MADARASA SHULE YA MSINGI …

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

2. Kampuni yetu ilitekeleza kazi chini ya mkataba tajwa. Hati ya Malipo Na. 2 iliidhinishwa na Mhandisi wa Wilaya tarehe 14 Machi 2023. Baada ya makato ya dhamana ya asilimia 10, kiasi kilichostahili kulipwa ni shilingi 38,475,000. Tunashukuru kwa malipo ya shilingi 12,000,000 tuliyopokea tarehe 20 Juni 2023. Salio ni shilingi 26,475,000.

3. Kwa mujibu wa kifungu cha … cha Masharti ya Jumla ya Mkataba, hati hiyo ilipaswa kulipwa ndani ya siku 28, yaani hadi tarehe 11 Aprili 2023. Tulikumbusha kwa barua za tarehe … na …, ambazo hatujapata majibu yake.

4. Kwa barua hii tunaomba salio hilo lilipwe ifikapo tarehe 31 Oktoba 2024. Endapo fedha hazitakuwa zimepatikana kufikia tarehe hiyo, tunaomba tuthibitishiwe kwa maandishi kiasi cha deni, kwamba limeingizwa kwenye orodha ya madeni ya Halmashauri, na mwaka wa fedha ambao limepangwa kulipwa.

5. Tunahifadhi haki zetu zote chini ya mkataba, ikiwemo riba ya ucheleweshaji. Tupo tayari kufika ofisini kwako kwa ajili ya kulinganisha kumbukumbu.

Naomba kuwasilisha.

(Saini, jina, cheo, mhuri wa kampuni)

Nakala: Mweka Hazina wa Wilaya; Mhandisi wa Wilaya.
Viambatisho: Mkataba (kurasa za saini na kifungu cha malipo), Hati Na. 2, taarifa ya benki ya 20 Juni 2023, barua za awali.

Ukurasa mmoja na kidogo, basi. Kiasi kimekaa kwenye kichwa cha habari ili hata asiyefungua barua akione. "Tunashukuru" nimeliweka kwenye malipo waliyofanya kweli, wala si kwa "ushirikiano wenu mzuri", maana hilo kila mtu atajua ni uongo. Na ile nakala kwa Waziri Mkuu nimeifuta. Mkurugenzi akiona amechongewa juu kabla hajapewa nafasi ya kujibu, atajitetea badala ya kulipa.

Peleka mwenyewe masjala, nakala mbili, asubuhi. Usimwachie mlinzi, wala usimpe yule rafiki yako wa idara ya ujenzi akupelekee. Wakupigie mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako, na uulize namba ya faili ilikoingia. Siku ukienda kufuatilia ukataja namba ya faili na folio, karani hana pa kukukwepea. Baada ya wiki moja nenda kwa Mhandisi umwombe athibitishe kwa Mweka Hazina kwamba Hati Na. 2 ni yake na vipimo havina tatizo. Mara nyingi malipo hukwama hapo, kwenye swali la mdomo ambalo hakuna aliyelijibu.

Tarehe 31 ikipita kimya, usirudie barua hii. Unaandika nyingine fupi, unaambatisha hii yenye mhuri, na safari hii nakala inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Hiyo nayo ikifa, ndipo tumtafute wakili aandae notisi ya siku 90. Kabla ya hapo usimlipe wakili hata senti.

Zile barua mbili za kukumbusha sikuziona kwenye bahasha uliyoacha. Zitafute. Kama ulikumbusha kwa simu tu, futa sentensi ya mwisho ya aya ya 3 na uzitoe barua za awali kwenye viambatisho.

Mama yako.