Sentensi niliyoiruka: namna ya kuanza kusoma makala ya jarida

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipewa makala ya kurasa kumi na kitu niiwasilishe kwenye kikundi cha mjadala. Nilianza neno la kwanza la utangulizi, kalamu ya rangi mkononi, nikapaka kila mstari. Kufika saa sita usiku nilikuwa ukurasa wa tatu, karatasi yote ya njano, na sikujua watafiti walipata nini. Kwa kukata tamaa nikaruka hadi mstari wa mwisho wa ikisiri, ule muhtasari ulio mwanzoni mwa makala, nikaunakili, nikalala. Asubuhi niliwaambia wenzangu kwa kujiamini kabisa: "Dripu inaua watoto."

Mwalimu akaniuliza swali moja tu. "Na mtoto mwenye kuharisha, aliyekaukiwa maji, naye usimpe?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa ndani ya ikisiri ileile, mistari michache juu ya ule niliounakili. Ndiyo maana nawaonyesha njia ya kusoma kwa kutumia makala hiyohiyo. Ni ripoti ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, ikachapishwa mwaka 2011 kwenye New England Journal of Medicine.

Ikisiri isomeni yote, mara mbili. Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili tafuta mambo manne na uyaandike kwa maneno yako: ni nani waliochunguzwa, walifanyiwa nini, walilinganishwa na nani, na kilichohesabiwa ni kipi, baada ya muda gani. Kwenye FEAST, waliochunguzwa ni watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Kundi moja lilipewa maji mengi ya dripu kwa kasi, yenye albumini, ambayo ni protini ya damu, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Kundi la pili lilipewa kiasi hichohicho cha maji ya chumvi, yale tunayoyaita selaini. La tatu halikupewa dripu ya kasi. Kilichohesabiwa ni vifo ndani ya saa 48. Halafu kuna sentensi fupi ambayo jicho la mvivu huiruka: watoto wenye utapiamlo au wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuingizwa. Hiyo ndiyo iliyonifedhehesha. Kwa hiyo swali la nani lina nusu ya pili, nani aliyeachwa nje, na hilo nalo liandikwe.

Hapo usiende kwenye utangulizi. Nenda kwenye picha na majedwali. Soma maelezo madogo yaliyo chini ya kila picha kabla ya kutazama picha yenyewe, kwa sababu humo ndimo wanamosema kila mstari na kila kifupisho kina maana gani. Makala za majaribio ya tiba kwa kawaida huanza na mchoro wa visanduku unaoonyesha wangapi walipimwa, wangapi waliachwa na kwa nini, wangapi walipotea njiani. Wanafunzi wengi huuona kama pambo. Mimi huukagua kuona kama namba zinajumlika na kama kundi moja limepoteza watu wengi kuliko jingine, maana likipoteza wengi, matokeo yanaanza kulegea.

Kisha tafuta picha au jedwali linalobeba jibu kuu. Hapa ni vifo vya saa 48: watoto 111 kati ya 1,050 waliopata albumini, yaani asilimia 10.6, 110 kati ya 1,047 wa selaini, asilimia 10.5, na 76 kati ya 1,044 wasiopata dripu ya kasi, asilimia 7.3. Chukua kikokotoo, gawanya mwenyewe. Si kwamba waandishi hawaaminiki. Ukishagawanya mwenyewe, namba inakuwa yako na huisahau.

Hapa pana mtego unaostahili kusimama kidogo. Ikisiri inasema hatari kwa waliopata dripu ya kasi ilikuwa mara 1.45 ya hatari ya wale wengine. Mtu akisikia vifo viliongezeka kwa asilimia 45, anaweza kudhani karibu nusu ya watoto walikufa kwa sababu ya dripu. Sasa toa 7.3 kwenye takriban 10.6. Unabaki na 3.3, yaani vifo vitatu na kidogo zaidi katika kila watoto mia. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inalinganisha hatari kwa hatari, ya pili inahesabu watoto. Ukiandika insha bila kusema unatumia ipi, msomaji atapotea nawe. Pia tazama mipaka iliyo pembeni ya ile 1.45, inayoonyesha namba halisi inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi: ni kuanzia 1.13 hadi 1.86. Namba 1 ingemaanisha hakuna tofauti, na mipaka hiyo haiigusi. Kwenye grafu ya mistari, kabla ya kushtuka kwa jinsi ilivyoachana, angalia mhimili wa wima unaishia wapi. Ukiishia kwenye 15 badala ya 100, pengo dogo litaonekana kama korongo.

Baada ya hapo ndipo usome hitimisho, aya ya mwisho au mbili za mjadala. Lilinganishe na ulichokwisha kuona kwenye namba. Waandishi wa FEAST walisema dripu ya kasi iliongeza vifo kwa watoto mahututi wa aina hii katika mazingira yenye uhaba wa vifaa barani Afrika. Angalia maneno yanayobana: wa aina hii, katika mazingira haya. Hayo ndiyo niliyoyakata na kubaki na "dripu inaua". Angalia pia ni sentensi ipi imetoka kwenye hesabu na ipi ni maelezo ya kwa nini. Kwamba vifo viliongezeka, jedwali linaonyesha. Kwa nini viliongezeka, hapo waandishi wanapima dhana mbalimbali, na wewe unapaswa kuandika "wanadhani", si "wamethibitisha".

Mpaka hapa nusu saa inatosha. Sasa unaingia kwenye mbinu, lakini unaingia ukiwa na maswali, huingii kutalii. Swali langu lilikuwa: lile kundi la tatu liliachwa bila maji kabisa? Jibu limo kwenye mbinu. Makundi yote matatu yalipata maji ya kawaida ya kuutunza mwili, kidogokidogo kila saa, pamoja na matibabu mengine. Kilichopimwa ni kasi na wingi wa mwanzo, si dripu kwa jumla. Aya moja hiyo ilinipa zaidi ya kurasa zote nilizozipaka njano. Sehemu za mbinu zisizojibu swali lako, kama jinsi watoto walivyopangwa kwenye makundi kwa bahati nasibu, zipitie haraka hadi utakapozihitaji.

Mpangilio huu hauwezi kila makala. Makala ya mapitio, inayokusanya kazi za wengine, mara nyingi haina jedwali moja lenye jibu, na ya hisabati itakulazimisha ufuate hatua kwa hatua. Lakini ya majaribio au ya vipimo hukubali.

Ukimaliza, funga makala uandike sentensi moja bila kuchungulia. Yangu, siku nilipoirudia kwa mwalimu, ilikuwa hivi: "Kwa watoto wa Afrika Mashariki wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wasio na kuharisha wala utapiamlo, dripu ya kasi iliongeza vifo vya saa 48 kutoka takriban 7 hadi 11 katika kila mia." Aliisoma, akaniuliza ni watoto wa umri gani. Nikarudi kwenye mbinu: siku 60 hadi miaka 12.