Moshi unakuwahi kabla ya moto

"Kwa nini wengi hufa kwa moshi hata moto haujawagusa? Na nikiamka usiku chumba kimejaa moshi, nifanyeje?"

Kinachoua zaidi ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ubongo hukosa oksijeni. Godoro au sofa la sponji likiungua hutoa pia sianidi, gesi nyingine ya sumu. Ndiyo maana aliyelala mara nyingi haamki kabisa, na aliye macho huchanganyikiwa akashindwa kufungua mlango anaoujua vizuri.

Usisimame. Moshi wa moto hupanda darini, hewa nafuu hubaki karibu na sakafu. Shuka kitandani, tambaa kwa mikono na magoti, kichwa kikiwa kama sentimita 30 hadi 60 kutoka chini, ukifuata ukuta hadi mlangoni. Usilale kifudifudi, maana baadhi ya gesi nzito hutuama sakafuni.

Mlangoni tumia mgongo wa kiganja: una hisia kali, na ukiungua bado kiganja kitakusaidia kutambaa. Gusa ubao kuanzia chini kwenda juu, kisha upenyo wa fremu, halafu kitasa. Mlango ukiwa wa moto, usifungue; ziba upenyo wa chini kwa nguo, zilizolowa kama maji yapo, uombe msaada dirishani. Ukiwa baridi, usiuamini bado, kwani mlango mnene huchelewa kupata joto. Egemeza bega, geuza uso, fungua kidogo. Moshi ukiingia, ufunge mara moja.