Mto mmoja, vita viwili: Verdun 1916 na Sedan 1940

"Wakuu, naomba kueleweshwa. Kuna vita vya kuchoshana na vita vya mwendo. Tofauti ni kasi tu? Na kipi kinashinda?"

Mkuu, nilitumikia jeshini miaka 22, mingi nikiwa usafirishaji, kwa hiyo nitakujibu kwa macho ya mtu wa malori. Kasi ni dalili tu. Tofauti iko kwenye kile unachotaka kukivunja kwa adui. Kwenye kuchoshana unavunja hazina yake: watu, mizinga, risasi, chakula. Kwenye mwendo unavunja uwezo wake wa kuamua kwa wakati, hata kama hazina yake haijaguswa.

Chukua mto Meuse, Ufaransa. Kando yake uko mji wa Verdun, na ukifuata maji kuelekea kaskazini, kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, unakuta Sedan.

Verdun, Februari 21, 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani chini ya Jenerali Falkenhayn walifungua kwa mizinga zaidi ya 1,000. Baada ya vita Falkenhayn aliandika kwamba hakuutaka mji, alitaka Wafaransa wamwage damu wakiulinda. Wanahistoria wengine wanasema alijitetea tu baada ya kushindwa, na mimi naelekea upande wao. Vyovyote iwavyo, vita viligeuka kuwa hesabu ya nani anajaziwa haraka kuliko anavyomalizwa. Jenerali Pétain wa Ufaransa aliielewa hesabu hiyo. Reli kuu zilikuwa zimekatwa au ziko ndani ya shabaha ya mizinga, kwa hiyo tegemeo likawa barabara moja kutoka Bar-le-Duc. Malori yalipita usiku na mchana, kilele chake lori moja kila sekunde 14 hivi. Lililoharibika lilisukumwa mtaroni, na watu walikaa barabarani wakitupa kokoto chini ya magurudumu ili njia isizame kwenye tope. Divisheni nazo alizizungusha: zinaingia, zinatolewa kabla hazijaisha, zinaingia nyingine. Kufikia Desemba, Wafaransa walikuwa wamepoteza watu takriban 370,000, wakiwamo waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na Wajerumani kama 330,000. Mstari ulikuwa karibu pale pale ulipoanzia. Ona ubaya wa njia hii: anayechosha naye anachoka, tena karibu sawasawa. Falkenhayn alishaondolewa kazini tangu Agosti.

Sasa Sedan, Mei 1940, Vita vya Pili vya Dunia. Wafaransa na Waingereza walipeleka majeshi yao bora Ubelgiji, wakiamini pigo kuu la Wajerumani litapita huko. Jenerali Guderian wa Ujerumani alipitisha divisheni tatu za vifaru kwenye misitu ya Ardennes, akafika Meuse tarehe 12. Tarehe 13 ndege za Kijerumani zilipiga mabomu kwa saa nyingi, kisha askari wa miguu wakavuka kwa mashua za mpira. Hapo waliumia vibaya, mashua nyingi zilitobolewa. Ndiyo maana huwa nawabishia wanaosema vita vya mwendo havina damu: mlango lazima uvunjwe, na kuuvunja ni kuchoshana kwa muda mfupi.

Jioni hiyo hiyo uvumi ulienea kwenye divisheni ya 55 ya Wafaransa kwamba vifaru vimefika Bulson, nyuma yao. Wapiga mizinga wakaacha mizinga, wakakimbia. Hakuna kifaru hata kimoja cha Kijerumani kilichokuwa kimevuka! Daraja la kuelea lilikamilika usiku. Shambulio la Wafaransa la kujibu liliamriwa jioni, likaanza asubuhi ya tarehe 14, wakati vifaru vya Wajerumani vilishapita. Tarehe 20 vilikuwa Abbeville, karibu na bahari, na majeshi yaliyokuwa Ubelgiji yamekatwa.

Hali hiyo ya amri kuchelewa naijua, japo kwa mazoezi tu. Zoezi moja, wenzetu walioigiza adui walituzunguka usiku. Waamuzi hawakutuhesabia mtu aliyekufa. Lakini alfajiri nilikuwa na malori 6 ya maji na mafuta na sijui niyapeleke wapi, maana kila amri iliyonifikia ilitaja mahali ambapo kikosi kilikuwa saa 3 nyuma. Nilifikisha maji kwenye kilima kitupu.

Kuhusu kipi kinashinda, angalia kwanza ardhi na akiba aliyonayo adui. Ufaransa ilikuwa na bahari nyuma ya majeshi yaliyokatwa, na akiba karibu hakuna. Mwaka 1941 Wajerumani walirudia mchezo huo huo Umoja wa Kisovieti, wakazingira majeshi makubwa Kiev na kudai mateka zaidi ya 600,000. Wasovieti wakaunda majeshi mengine, na bado walikuwa na ardhi ya kurudi nyuma. Kila kilomita vifaru vilivyosonga, malori ya mafuta nayo yalilazimika kwenda na kurudi umbali huo, kwenye barabara za tope. Kufikia Desemba, karibu na Moscow, vita vya mwendo vilikuwa vimekwisha na kuchoshana kumeanza, na hesabu hiyo Mjerumani hakuwa na watu wa kuilipa.