Ami wanataka Siaya, mama anataka Kitengela

Shangazi, baba alifariki siku kumi zilizopita na mwili wake bado uko mochari Nairobi. Mama anataka azikwe Kitengela, kwenye shamba walilonunua pamoja. Ami zetu wanashikilia Siaya, karibu na babu, lakini wanataka sisi watoto tugharamie kila kitu. Hatusemezani tena. Tufanyeje?

Mwanangu, poleni sana kwa msiba. Mjadala wa mahali na wa pesa uwekwe katika vikao viwili, kwa sababu vikichanganywa, mwenye pesa huamua na asiye nazo hubaki na kinyongo. Kikao cha kwanza kiongozwe na mzee asiye wa upande wowote, na mama asikilizwe kabla ya wengine. Ulizeni kama baba alijenga boma lake Siaya, kwa kuwa mwanamume mwenye boma, kwa desturi ya Waluo, hutarajiwa kulala humo. Ulizeni pia alisema nini mwenyewe kuhusu kaburi lake, na mbele ya nani. Mahakama za Kenya huyapima matakwa ya marehemu bila kufungwa nayo, na hutazama pia nani aliyeishi naye kwa karibu, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuwa na hakika ya kushinda huko.

Wazee wenu bila shaka wanaikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987, baada ya mjane wake na ukoo kushindana mahakamani. Mwili ulisubiri miezi mitano. Nanyi mkienda mahakamani, mochari itaendelea kudai malipo ya kila siku mkiwa mnasubiri uamuzi.

Kuhusu gharama, sheria ya urithi ya Kenya inataka gharama za mazishi zilizo za kiasi zilipwe kutoka kwa mali ya marehemu, kwa hiyo si haki kuwatwika watoto peke yao. Kwanza andikeni yasiyoepukika: mochari, jeneza, gari na kaburi. Ng'ombe, mahema na chakula cha wageni viwe orodha ya pili, ambayo hulipiwa na wanaovitaka. Iwapo Siaya itachaguliwa, ami zako walipe ile ziada inayotokana na safari, hasa mabasi ya waombolezaji. Michango yote iingie akaunti moja yenye watia saini wawili, mmoja kutoka kila upande, na daftari lisomwe hadharani kila jioni ya matanga.

Makubaliano yaandikwe, yatiwe saini na mama na ami mkubwa, kisha nakala ipelekwe mochari pamoja na majina ya watu wawili watakaouchukua mwili, ili asitokee mtu alfajiri akauondoa peke yake.