Katakata brokoli, subiri, ndipo uipike

Wewe unayeanza mafunzo ya lishe hapa Dar, utaulizwa kuhusu brokoli mapema sana, na usijibu kwamba "ina salforafani", ile kemikali inayosifiwa kwa kuamsha ulinzi wa seli. Brokoli ambayo haijaguswa na kisu karibu haina kitu hicho. Ina glukorafanini, na kando yake, mahali pengine, ina kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Kisu kikipasua seli, viwili hivi hukutana. Mirosinasi huitenga sukari na glukorafanini, kisha kinachobaki hujipanga chenyewe kuwa salforafani.

Sasa chukua mama aliyenunua brokoli soko la Kisutu. Akiitumbukiza nzima kwenye maji yanayochemka, mirosinasi inaharibika kabla haijafanya kazi. Bakteria wa utumbo watageuza glukorafanini kiasi, lakini kidogo. Mwambie aikatekate vipande vidogo sana, aiache kwenye ubao kama dakika 40, ndipo aipike kwa mvuke kwa muda mfupi. Hapo moto unakikuta kimeng'enya kimeshamaliza sehemu kubwa ya kazi yake.

Brokoli ya kugandishwa ni kesi nyingine. Kiwandani huchovywa kwanza kwenye maji ya moto, kwa hiyo kuikata na kuisubiri hakusaidii. Dawa yake ni haradali, ambayo nayo ina mirosinasi: saga mbegu mbichi, nyunyiza unga wake kidogo baada ya mboga kuiva na kupoa kiasi. Kujua kama haradali yako bado ni hai, koroga unga huo kwenye maji ya baridi, subiri dakika chache, onja. Ukiwasha hadi puani, kimeng'enya kipo. Mbegu zilizokaangwa kwenye mafuta haziwashi hivyo.

Mwilini, wengi hudhani salforafani yenyewe hupambana na sumu. Sivyo, na hapa ndipo ninapopenda mwanafunzi akae kidogo. Ndani ya seli, protini iitwayo Keap1 huishika nyingine, Nrf2, na kuifanya ivunjwevunjwe muda wote. Salforafani hujinasa kwenye salfa ya Keap1, na Keap1 hushindwa kazi hiyo. Nrf2 inajaa, inaingia kwenye kiini cha seli, inawasha jeni za ulinzi, kama ile ya kimeng'enya NQO1 na zile za kutengeneza glutathioni. Ulinzi ni wa seli yenyewe. Salforafani imeuamsha tu. Paul Talalay na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, ndio walioitambua mwaka 1992 walipotafuta ni kitu gani katika brokoli kinachoamsha vimeng'enya hivyo.

Kuna mpaka ambao nakusihi usiuvuke. Baadhi ya seli za saratani tayari zina Nrf2 iliyowaka muda wote, na huitumia kujikinga dhidi ya dawa. Mgonjwa anayetibiwa saratani akitaka vidonge vya salforafani, mpeleke kwanza kwa daktari wake. Brokoli ya kwenye sahani aendelee kula kama mboga.